Kurudi Kazini: Kesi ya Walker na Wajibu wa Mwajiri juu ya Afya ya Akili ya Mtumishi

Tarehe 4 Machi, 1987, ofisa mmoja wa halmashauri ya jimbo la Northumberland, kaskazini mashariki ya Uingereza, alirudi ofisini kwake baada ya kukaa nyumbani kwa miezi mitatu na siku kadhaa. Hakuwa amevunjika kiungo, wala hakuwa ametoka katika homa. Aliugua akili kwa sababu ya wingi wa kazi, na daktari alimwandikia apumzike. Miezi sita baadaye aliugua tena, na mara hii hakurudi. Madai aliyoyafungua dhidi ya mwajiri wake yalikatwa na Mahakama Kuu mwezi wa Novemba, 1994, na tangu siku hiyo jina la Bwana Walker limekuwa mlango ambao kila mwenye kuichunguza habari hii hana budi kuupita.

Kabla ya kuingia katika kisa chenyewe, yafaa maneno matatu yawekwe sawa, kwa kuwa lugha ya kila siku huyachanganya. Msongo ni neno lililotokana na kusonga, yaani kubana na kushinikiza, nalo hueleza uzito ulio juu ya mtu, si ugonjwa alio nao. Uchovu wa kazi, ule ambao mtu huamka nao kama alivyolala nao, ni hali ya pili. Daktari Herbert Freudenberger aliuandikia makala katika mwaka wa 1974, kwa kuwatazama watumishi wa zahanati ya bure mjini New York, naye aliufananisha na kitu kilichoungua kikaisha ndani. Shirika la Afya Duniani, katika mwaka wa 2019, liliueleza kuwa ni jambo litokanalo na kazi, lakini halikuuita maradhi. Hali ya tatu ndiyo maradhi yenyewe, kama vile sonona au hofu isiyotulia, ambayo daktari huweza kuyatambua na kuyataja kwa jina. Sheria ya Kiingereza hailipi fidia kwa hali ya kwanza wala ya pili. Hulipa kwa ya tatu peke yake. Msemo wa kuvunjika moyo haufai hapa, maana huonyesha kukata tamaa tu. Na neno wazimu limezidi mno. Kwa hivyo hali iliyompata Bwana Walker itaitwa hapa kuzidiwa, kama vile watu wasemavyo kwamba mgonjwa amezidiwa.

Bwana Walker aliingia katika utumishi wa halmashauri katika mwaka wa 1970. Daraka lake lilikuwa kusimamia vikundi vinne vya watumishi wa ustawi wa jamii katika eneo la Blyth Valley. Kazi ya vikundi hivyo ilihusu pamoja na mengine mashauri ya watoto waliodhulumiwa, na katika miaka ya themanini mashauri hayo yaliongezeka sana, hali idadi ya watumishi ikibaki karibu ile ile. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti katika mikutano ya kuamua kama mtoto aondolewe kwa wazazi wake au aachwe. Mtu akikosea upande mmoja, mtoto huumia. Akikosea upande wa pili, nyumba imebomolewa bure. Kazi ya namna hiyo haipimwi kwa saa peke yake. Mara kwa mara aliwaandikia wakuu wake kuomba eneo ligawanywe au apewe watu zaidi, na mara kwa mara jibu lilikuwa kwamba fedha hazitoshi.

Mwishoni mwa Novemba, 1986, alizidiwa. Dalili zilizoelezwa mahakamani ni uchovu wa akili, hofu kali, maumivu ya kichwa, kukosa usingizi, hasira za upesi, na kulia pasipo sababu kubwa. Kabla ya hapo hakuwa amepata kuugua akili, na jambo hilo lilikuja kuwa na uzito mkubwa katika hukumu.

Alipokaribia kurudi kazini alizungumza na mkuu wake juu ya namna mzigo utakavyopunguzwa. Ilikubaliwa kwamba ofisa mwingine mwenye cheo atahamishiwa Blyth Valley kwa muda ili amsaidie, na kwamba mkuu mwenyewe atakuwa akimtembelea kila juma. Ahadi ilikuwa nzuri, na kama ingetimizwa pengine kusingekuwa na kesi. Lakini msaidizi huyo alifika kwa vipindi tu, na mwanzoni mwa Aprili alikuwa ameondolewa kabisa. Bwana Walker alikuta makaratasi ya miezi mitatu yaliyolundikana yakimngojea, na alipokuwa akiyapunguza, mashauri mapya yalizidi kuingia. Kufika Septemba alimwambia mkuu wake kwamba hawezi kuendelea. Katikati ya mwezi huo daktari alimwandikia tena kupumzika, na haukupita muda mrefu akazidiwa mara ya pili. Katika Februari, 1988, halmashauri ilimwachisha kazi kwa sababu ya afya iliyoharibika moja kwa moja.

Ili hukumu ieleweke, budi kutazama sheria ilivyokuwa imefika wakati huo. Tangu mwaka wa 1937, katika shauri la wachimba makaa la Wilsons na Clyde, ilikwisha kukubaliwa kwamba mwajiri ana wajibu wake mwenyewe, asioweza kumsukumia mwingine, wa kuweka watumishi wenza wanaofaa, vyombo vinavyofaa, na utaratibu wa kazi ulio salama. Wajibu huo ulitazamwa daima kwa macho ya mgodi na karakana: dari isiyoshikizwa nguzo, mashini isiyokingwa, vumbi. Katika mwaka wa 1968, Jaji Swanwick, katika shauri la Stokes, aliueleza kwa kipimo kilichokaa mpaka leo, kwamba mwajiri hutakiwa kutenda kama mwajiri mwenye busara na hadhari, anayeyafikiria usalama wa watumishi wake kwa mambo ambayo anayajua au imempasa kuyajua. Bwana Stokes mwenyewe alikufa kwa saratani iliyotokana na mafuta ya mashini, kwa hiyo shauri lake halikuhusu akili hata kidogo. Lakini maneno yale hayakutaja mwili peke yake.

Wakili wa Bwana Walker hakuwa na haja ya kuomba sheria mpya. Alitakiwa kuonyesha tu kwamba utaratibu wa kazi unaweza kumdhuru mtu akilini kama unavyoweza kumdhuru mgongoni. Jaji Colman alilikubali jambo hilo bila taabu. Alisema kwa maana kwamba hakuna sababu ya kimantiki ya kuyatenga madhara ya akili na wajibu wa mwajiri wa kumpa mtumishi utaratibu wa kazi ulio salama. Ugumu haukuwa kama wajibu upo. Ugumu ulikuwa kujua wajibu huo unaanza lini, maana hakuna awezaye kulaumiwa kwa kutozuia jambo ambalo hakuweza kuliona likija.

Hapo ndipo hukumu ilipogawanyika, na mgawanyiko huo ndio thamani yake. Kuhusu ugonjwa wa kwanza, wa Novemba, 1986, jaji aliamua kwamba halmashauri haiwajibiki. Ni kweli kwamba kazi ilikuwa nyingi na kwamba Bwana Walker aliandika barua za malalamiko. Lakini malalamiko yale yalihusu kazi kuharibika, si yeye kuharibika. Mtu mwenye cheo chake, asiyewahi kuugua akili, anayelalamika juu ya uhaba wa watu, hampi mkuu wake sababu ya kufikiri kwamba ataugua. Kwa ugonjwa wa pili mambo yalikuwa mengine. Mtu amekwisha kuzidiwa mara moja, na kazi ndiyo sababu, na wakuu wanajua. Amerudi katika kazi ile ile. Mwajiri mwenye busara alitakiwa kuona kwamba mtu huyu sasa ni rahisi kudhurika kuliko mwanzo, na kwamba mzigo ule ule ukimwangukia tena, huenda akaumia na asipone. Halmashauri ilitakiwa kumpa msaada wa kudumu, hata kama msaada huo ungevuruga kidogo kazi za idara nyingine. Ilipomwondoa msaidizi mnamo Aprili, ilivunja wajibu wake.

Halmashauri ilijitetea kwamba ni chombo cha umma, chenye bajeti iliyowekwa, na kwamba namna ya kugawa fedha chache ni siasa yake isiyoingiliwa na mahakama. Utetezi huo haukufaulu. Uhaba wa fedha hutazamwa katika kupima kama mwajiri alitenda ipasavyo, lakini baina ya mwajiri na mtumishi wake aliyeingia mkataba naye, neno siasa halifuti wajibu. Rufani ilifunguliwa, kisha katika mwaka wa 1996 pande mbili zikapatana kwa paundi 175,000 kabla haijasikilizwa.

Kwa hiyo katika sheria hii likizo ya ugonjwa haikuwa muda wa kupumzika tu. Ilikuwa ilani. Kabla ya likizo, mwajiri anaweza kusema hakujua. Baada ya likizo, hawezi. Watu wengi waliosikia habari ya kesi walishika ile nusu ya pili, ya paundi na lawama, wakaisahau ile ya kwanza, na magazeti yakaandika kana kwamba kila mtumishi aliyechoka amepata njia ya kudai.

Mashauri yaliongezeka kweli, na tarehe 5 Februari, 2002, Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu moja katika rufani nne zilizosikilizwa pamoja, zijulikanazo kwa jina la Hatton. Wadai walikuwa walimu wawili, karani wa chuo kidogo cha mafunzo cha serikali ya mtaa, na mfanyakazi wa kiwanda. Hukumu iliandikwa kwa mkono wa Jaji Hale, ambaye baadaye aliongoza Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo. Aliweka kanuni kumi na sita. Si lazima zote zitajwe, ila mbili tatu zagusa moja kwa moja habari ya kurudi kazini.

Kwanza, alisema hakuna kazi ambayo kwa asili yake huhesabiwa kuwa hatari kwa akili. Swali ni juu ya mtumishi huyu, katika kazi hii: je, ilionekana kwamba yeye ataugua? Pili, mwajiri ana haki ya kuchukulia kwamba mtumishi aweza kuubeba uzito wa kawaida wa kazi yake, mpaka ajue udhaifu fulani. Na tatu, mtumishi akirudi kutoka likizo, mwajiri kwa kawaida anaruhusiwa kulikubali neno lake kama alivyolisema, bila kumchunguza wala kumwandikia daktari wake barua. Akisema amepona, basi amepona. Kwa kanuni hizo rufani tatu za waajiri kati ya nne zilikubaliwa, na mmoja wa walimu walioshindwa alikuwa Bwana Barber.

Bwana Barber hakukubali, akaendelea mpaka Baraza la Malodi, na hukumu yake ilitolewa tarehe 1 Aprili, 2004. Kisa chake chafaa kuwekwa ubavuni mwa kile cha Bwana Walker. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya serikali huko Somerset. Shule ilipopanga upya vyeo vyake katika mwaka wa 1995, ili asipunguziwe mshahara alichukua madaraka ya ziada, na saa zake za kazi zikafika baina ya 61 na 70 kwa juma. Katika Mei, 1996, alikosa kazini majuma matatu, na vyeti vyake vilitaja msongo na sonona. Aliporudi hakuna aliyemwita kumwuliza habari. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa mkuu wa shule, kisha kwa wasaidizi wake, mmoja baada ya mwingine, akiwaeleza kwamba kazi inamdhuru. Jibu alilolipata kwa mkuu ni kwamba walimu wote wako katika hali hiyo. Likizo ya shule ikapita, muhula mpya ukaanza, mzigo haukupungua. Katika Novemba, darasani, alijikuta amemshika mwanafunzi na kumtikisa. Alitoka shuleni siku hiyo, na hakufundisha tena.

Malodi wanne kati ya watano walimpa haki. Hukumu kuu iliandikwa na Lodi Walker, ambaye hana uhusiano wowote na mdai wa Northumberland ingawa majina yamelingana. Walizisifu kanuni za Jaji Hale kuwa mwongozo ufaao, lakini walikumbusha kwamba si sheria ya Bunge, na kwamba maneno ya Jaji Swanwick ya mwaka wa 1968 ndiyo yaliyobaki kuwa msingi. Mwajiri mwenye hadhari, mtumishi wake akirudi baada ya majuma matatu ya sonona, hangoji aelezwe zaidi. Humwuliza kwa upole, kisha hutazama nini kiwezekanacho. Walikiri kwamba shule ilikuwa na shida, na kwamba waalimu wengine nao walichoka. Lakini kumwuliza mtu hali yake hakuhitaji bajeti. Lodi Scott peke yake alipinga, akiona kwamba shule imetwikwa wajibu mzito mno, na hoja yake si ya kudharauliwa: Bwana Barber alikuwa mtu mzima, alirudi kwa hiari, na miezi ya Septemba na Oktoba ilipita asiseme neno. Tofauti baina yake na wenzake haikuwa ya sheria. Ilikuwa juu ya urefu wa muda ambao ilani ya Mei hubaki ikisikika. Wengi waliona kwamba ilikuwa bado inasikika katika Novemba. Na kwa mtu aliyewahi kukaa na mgonjwa wa sonona, ambaye kunyamaza ni sehemu ya ugonjwa wake, uamuzi wa wengi unaelekea kuwa ndio sawa.

Limebaki swali la namna gani mwajiri atimize wajibu wake, na hapa kuna njia mbili zilizojaribiwa ambazo hazikufika mbali kama zilivyotazamiwa. Ya kwanza ni huduma ya ushauri. Jaji Hale alisema kwamba mwajiri anayewapa watumishi wake mshauri wa siri haelekei kuonekana amevunja wajibu. Makampuni mengi yaliichukua kauli hiyo kama ngao. Lakini katika mwaka wa 2007 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililoihusu kampuni ya Intel, ilikataa kuikubali kama dawa ya kila kitu. Mtumishi yule alilia mbele ya mkuu wake, akaandika waraka wa kueleza kwamba kazi imemzidi, na huko nyuma alikuwa amepata kuugua sonona. Mshauri angeweza kumsikiliza, lakini hakuwa na uwezo wa kumpunguzia hata kazi moja. Aliyekuwa na uwezo huo ni mkuu wake.

Ya pili ni ngumu zaidi. Kanuni mojawapo ya Jaji Hale yasema kwamba ikiwa njia pekee ya kumwokoa mtumishi ni kumfukuza au kumshusha cheo, mwajiri havunji wajibu kwa kumwacha aendelee kwa hiari yake. Kanuni hii imesimama juu ya heshima kwa mtu mzima mwenye akili zake. Lakini ina kivuli chake. Mtumishi ajuaye kwamba kukiri ugonjwa kwaweza kuishia katika kupoteza kazi, atanyamaza. Naye akinyamaza, mwajiri hakujua. Na asipojua, hawajibiki. Bwana Walker mwenyewe aliachishwa kazi kwa sababu ya ugonjwa ule ule aliokuja kulipwa fidia kwa ajili yake.

Jambo hili haliko mbali na Afrika ya Mashariki kama linavyoonekana. Misingi ya sheria ya Kiingereza ilipokewa Kenya kwa tarehe ya 12 Agosti, 1897, na Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai, 1920, na hukumu za Uingereza zilizotolewa baada ya hapo, ingawa hazizifungi mahakama za huku, husomwa na kutiwa katika mizani. Sheria zilizotungwa huku zenyewe zimeeleza likizo ya ugonjwa kwa hesabu ya siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka wa 2004, humpa mtumishi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara mzima na 63 za pili kwa nusu. Ile ya Kenya ya mwaka wa 2007 humpa kwa uchache siku 7 kwa mshahara mzima na 7 kwa nusu. Zote mbili hutaka cheti cha daktari. Siku zimehesabiwa na mshahara umepimwa, lakini fungu hilo la likizo halisemi ni nini kifanywe asubuhi ile mtumishi anapoingia tena mlangoni.

Na cheti chenyewe ndicho mahali pa hatari. Katika shauri la Barber yote yalisimama juu ya maneno machache yaliyoandikwa katika vyeti vya majuma matatu: msongo, sonona. Kama pangeandikwa maumivu ya kichwa, shule ingesema haikujua, nayo ingekuwa imesema kweli. Mtumishi aonaye haya kwa ugonjwa wa akili humwomba daktari aandike neno jingine lisilo na aibu, na daktari mwenye huruma huandika malaria, au shinikizo la damu, au uchovu tu. Kwa tendo hilo la huruma ilani imezimwa. Ofisini hupelekwa karatasi isemayo kwamba mtu huyu aliumwa na mbu, na mezani pake hurudishwa mafaili yale yale, kwa idadi ile ile, pamoja na yale yaliyolundikana alipokuwa hayupo.